Mizania ya kundi imelingana hadi senti ya mwisho, mkaguzi ameirudisha. Nimekosea wapi?

kalamu_njoro aliandika:

Habari zenu wadau. Niko Nakuru, nimeajiriwa kama mhasibu wa kampuni inayosaga chakula cha mifugo. Tarehe 1 Januari 2024 mwenye kampuni alinunua asilimia 80 ya kampuni ndogo ya Kisumu inayokausha na kusaga omena. Asilimia 20 iliyobaki ni ya familia iliyoianzisha. Tukalipa milioni 24, taslimu.

Sasa benki inataka hesabu za kundi, yaani zetu na za Kisumu kama kampuni moja, za mwaka ulioishia 31 Desemba 2024, na hakuna mtu ofisini aliyewahi kuzitengeneza. Nikafungua Eksel, nikajumlisha mstari kwa mstari. Hizi ndizo takwimu.

Sisi Nakuru: mtaji wa hisa milioni 30, faida limbikizi milioni 40. Mali halisi, yaani mali ukitoa madeni, ni milioni 70, na ndani yake kuna ile milioni 24 tuliyoandika kama uwekezaji.

Kisumu: mtaji wa hisa milioni 10. Faida limbikizi ilikuwa milioni 12 siku tuliyonunua, sasa ni milioni 16. Mwaka huu wamepata faida ya milioni 5 na kugawa gawio la milioni 1.

Nikaondoa uwekezaji wetu wa milioni 24 dhidi ya mtaji wao wa milioni 10, tofauti ya milioni 14 nikaiita gudwili. Faida limbikizi nikajumlisha 40 na 16 nikapata 56. Mali halisi milioni 86, upande wa pili 30 na 56, jumla 86. Imelingana! Nikalala vizuri siku hiyo. Mkaguzi amerudisha faili leo na maneno matatu kwa kalamu nyekundu: "Wachache wako wapi?" Nisaidieni kabla ya Ijumaa.

---

Msomi_Section58 aliandika:

Bro, hii ni rahisi. Mna asilimia 80, kwa hiyo chukua asilimia 80 ya kila kitu cha Kisumu. Asilimia 80 ya mashine, ya stoo, ya wadaiwa, ya mauzo. Ile 20 si yenu, iache nje. Ukifanya hivyo gudwili inakuwa 24 kutoa 80% ya 22, yaani milioni 6.4. Nimetoka kufanya mtihani wa KASNEB juzi, hii iko kichwani bado.

---

Mzee wa Daftari aliandika:

Msomi, hiyo 6.4 umeipata sawasawa, lakini njia uliyopitia si ya kampuni tanzu. Kuchukua sehemu ya kila mstari kulikuwa njia iliyoruhusiwa kwa ubia, na hata huko iliondolewa kanuni ya kimataifa ya uhasibu, IFRS 11, ilipoanza kutumika mwaka 2013. Kwa kampuni tanzu hatuulizi una kiasi gani cha mashine. Tunauliza nani anaamua mashine ifanye nini. Mwenye 80% ndiye anayeteua wakurugenzi na kupanga bei. Anaendesha mashine nzima, haendeshi asilimia 80 ya mashine. Kwa hiyo mali yote na madeni yote yanaingia kwa asilimia 100, kisha unaonyesha upande wa mtaji kwamba kipande fulani ni cha watu wengine. Kipande hicho ndicho mkaguzi anachokitafuta.

Kalamu, kosa lako ni moja tu, ila limejificha pande mbili za mizania ndiyo maana halikuonekana. Umemsahau mwanahisa mdogo, halafu umejipa faida limbikizi yote ya Kisumu, hata ile milioni 12 waliyoitafuta kabla hamjawajua. Ile milioni 12 hamkuichuma. Mliinunua, na imo ndani ya bei ya milioni 24.

Anza na siku moja tu, 1 Januari 2024. Siku hiyo Kisumu ilikuwa na mali halisi ya 10 na 12, milioni 22. Familia ilibaki na 20% yake, milioni 4.4. Sasa jumlisha mlicholipa na kile walichobaki nacho: 24 na 4.4 ni 28.4. Toa mali halisi yote, 22. Gudwili ni milioni 6.4. Hesabu hiyo inafanywa mara moja na kufungwa. Mtaji wa Kisumu wa milioni 10 na faida ya zamani ya milioni 12 vinafutika hapo, havionekani tena kwenye mizania ya kundi kwa jina lao.

Kinachofuata ni kilichotokea baada ya siku hiyo. Faida limbikizi yao imepanda kutoka 12 hadi 16, yaani milioni 4. Hiyo ndiyo mnayogawana, 80 kwa 20.

---

kalamu_njoro aliandika:

Mwalimu, shukrani sana. Kwa hiyo wachache ni 4.4 jumlisha 20% ya 4, milioni 5.2? Na faida limbikizi ya kundi ni 40 jumlisha 3.2, milioni 43.2. Nimejaribu: mali halisi 70 toa 24, ongeza 26 na gudwili 6.4, napata 78.4. Upande wa pili 30, 43.2 na 5.2, napata 78.4. Nimemaliza?

---

Mzee wa Daftari aliandika:

Hujamaliza. Hata ile ya kwanza ililingana, kumbuka.

Hiyo omena wanamuuzia nani?

---

kalamu_njoro aliandika:

Sisi. Si wote, wanauza pia kwa wafugaji wa samaki wa vizimba kule ziwani. Sisi tumenunua ya milioni 8.6 kwa vitabu vyetu, tunachanganya kwenye chakula cha kuku wa mayai. Wao wanaweka faida ya asilimia 25 juu ya gharama, kwetu na kwa kila mtu. Kwenye stoo yetu 31 Desemba tulihesabu omena ya milioni 1.1.

---

Nyar_Ahero aliandika:

Samahani kuingilia. Mimi ni mmoja wa hao "wachache", si wa kampuni hii ila ya kwetu ilinunuliwa hivyo hivyo na watu wa mjini. Nina 10%. Nimesoma hapa kwamba wachache wana milioni 5.2. Je, hiyo ni pesa kampuni kubwa inadaiwa na hao watu? Naweza kwenda na hesabu za kundi kudai yangu? Shemeji yangu ananiambia imeandikwa kwenye vitabu kwa hiyo ni deni.

---

Tarakimu aliandika:

Dada Nyar, shemeji amekosea. Angalia imeandikwa upande gani. Maslahi ya wanahisa wachache yanakaa kwenye mtaji, si kwenye madeni. Maana yake ni kwamba sehemu ya mali halisi ya kundi ni yenu, lakini hakuna aliyeahidi kuwalipa. Mnalipwa gawio likitangazwa na kampuni yenu yenyewe. Wala si bei ya hisa zenu. Ukitaka kuuza, mnunuzi ataangalia biashara, hataangalia mstari huo. Na hesabu zinazokuhusu zaidi ni za kampuni yenu peke yake. Za kundi hazitakuonyesha kama kampuni yenu ndogo ina pesa ya kugawa.

---

Nyar_Ahero aliandika:

Hata hizo za kampuni yetu sijaziona tangu mkutano wa mwisho. Asante lakini.

---

Mzee wa Daftari aliandika:

Nyar, kama mwanahisa una haki ya kupata nakala ya hesabu za mwaka. Omba kwa barua, weka nakala.

Kalamu, tunarudi kwenye omena. Wewe umeandika manunuzi ya milioni 8.6. Kisumu wameandika wamewauzia kiasi gani? Na vitabu vyao vinasema mnawadai au mnadaiwa nao kiasi gani?

---

kalamu_njoro aliandika:

Nimepiga simu Kisumu. Wao wana mauzo kwetu ya milioni 9.0. Wanasema tunadaiwa milioni 2.0. Vitabu vyetu vinasema tunadaiwa milioni 1.6. Tofauti ni laki nne kote kote. Niliona ni kidogo nikaipeleka kwenye "matumizi mengineyo" ili zilingane.

---

Mzee wa Daftari aliandika:

Itoe huko haraka kabla mkaguzi hajaiona. Tofauti inayofanana kwenye mauzo na kwenye deni haitokei tu. Ingekuwa kwenye deni peke yake ningesema ni malipo yaliyotoka kwenu jioni ya 31 na hayajafika benki yao. Lakini kama mauzo nayo yanapishana kwa kiasi kile kile, kuna mzigo wameuandikia ankara na nyinyi hamjaupokea. Lori lilikuwa wapi usiku wa mwaka mpya?

---

kalamu_njoro aliandika:

Nimeuliza stoo. Daftari la geti linaonyesha lori kutoka Kisumu liliingia tarehe 2 Januari saa tatu asubuhi, magunia ya omena. Dereva anasema alitoka Kisumu tarehe 31 alasiri, akalala Mau Summit kwa sababu ya matairi, na tarehe 1 geti letu lilikuwa limefungwa. Ankara ni ya laki nne kamili, tarehe 31 Desemba.

---

Mzee wa Daftari aliandika:

Haya. Kundi ni kama mtu mmoja mwenye mifuko miwili. Mzigo umetoka mfuko wa kushoto haujafika wa kulia, lakini bado ni wa mtu yule yule. Kwa hiyo kwenye karatasi ya kazi ya kundi, ongeza stoo ya Nakuru kwa laki nne (mzigo ulio njiani) na ongeza deni la Nakuru kwa laki nne. Sasa deni ni milioni 2.0 pande zote, unalifuta lote, na wadaiwa wa Kisumu wanapungua kiasi hicho hicho. Mauzo ya 9.0 na manunuzi ya 9.0 nayo yanafutana.

Halafu sehemu ambayo wengi huiruka: huo mzigo wa njiani una faida ndani yake, sawa na ule wa stoo. Omena ambayo kundi halijauza nje si milioni 1.1, ni 1.5. Faida ni asilimia 25 juu ya gharama, kwa hiyo katika kila shilingi 125 ya bei, 25 ni faida. Milioni 1.5 mara 25 gawa kwa 125 ni laki tatu. Ukichukua 1.1 pekee unapata laki mbili na elfu ishirini, unabaki na elfu themanini ya faida ya lori kwenye mizania. Na angalia usije ukachukua 25% ya 1.5 moja kwa moja, hiyo inakupa 375,000 na si sahihi. Asilimia ni ya gharama, lakini kilicho stoo kimeandikwa kwa bei.

Punguza stoo ya kundi kwa laki tatu.

---

Msomi_Section58 aliandika:

Hapa nakubali, lakini hiyo laki tatu si inakatwa yote kwa kampuni mama? Omena iko kwenye stoo ya Nakuru, Nakuru ndio wameandika stoo kubwa kuliko inavyostahili. Familia ya Kisumu walishauza zamani, pesa yao wamepata.

---

Mzee wa Daftari aliandika:

Hilo swali zuri, na nimewaona watu wazima wakigombania. Usiangalie gunia liko wapi. Angalia faida imeandikwa kwa vitabu vya nani. Muuzaji ni Kisumu, laki tatu iko ndani ya ile faida yao ya milioni 5, na familia ina 20% ya faida hiyo. Ukiiondoa, wanaondolewa sehemu yao. Ingekuwa Nakuru ndiyo inayouzia Kisumu chakula cha samaki, faida ingekuwa ya Nakuru na familia haingeguswa.

Faida ya Kisumu kwa macho ya kundi ni milioni 4.7. Wachache wanapata 20%, yaani 940,000. Gawio la milioni 1, familia ilichukua laki mbili, inapungua kutoka kwao. Kwa hiyo:

```
4,400,000 + 940,000 - 200,000 = 5,140,000
```

Hakikisha kwa njia ya pili: mali halisi ya Kisumu sasa ni milioni 26, toa laki tatu, ni 25.7. Asilimia 20 yake ni 5,140,000. Njia hizi mbili zikikataana, kuna gawio umelisahau au faida umeihesabu mara mbili.

Na ile laki nane ya gawio iliyokuja kwenu, ilikuwa kwenye mapato ya Nakuru?

---

kalamu_njoro aliandika:

Ndiyo, "mapato mengine". Faida yetu ya mwaka ni milioni 14 pamoja na hiyo.

---

Mzee wa Daftari aliandika:

Iondoe. Ni pesa imetoka mfuko mmoja kwenda mwingine. Faida ya kundi ni 14 toa 0.8, ongeza 5, toa 0.3: milioni 17.9. Wachache 0.94, wenye kampuni mama 16.96. Mistari hiyo miwili inaandikwa chini ya faida, si katikati ya matumizi. Niliwahi kuona mtu ameiweka sehemu ya wachache pamoja na umeme na mishahara.

---

Lurambi_Hisa aliandika:

Na mimi huku Kakamega nina 40% ya kampuni ya ndugu yangu ya kusaga unga, nifanye hivi pia? Yeye ndiye anayeendesha kila kitu, mimi naenda mkutano mara moja kwa mwaka nakunywa soda.

---

Tarakimu aliandika:

Hapana mkuu. Anayekunywa soda haamui. Ikiwa hisa zako ziko chini ya kampuni yako, unaonyesha mstari mmoja wa uwekezaji unaopanda na kushuka kwa 40% ya faida yao. Hakuna kujumlisha mashine zake. Lakini asilimia peke yake si hukumu: ukiwa na 40% na mkataba unaokupa uwezo wa kuteua wakurugenzi wengi, mambo yanabadilika.

Mzee wa Daftari, mambo mawili. La kwanza, kodi. Kundi limeondoa faida ya laki tatu ambayo Kisumu watailipia kodi ya asilimia 30 kwa PIN yao, kwa sababu KRA inatoza kila kampuni peke yake. Hiyo ni 90,000 ya kodi iliyoahirishwa, yaani kwa kundi inasubiri hadi omena iuzwe nje. La pili, hakuna aliyeuliza kuhusu kiwanja. Kiwanda cha Kisumu kimekaa juu ya ardhi, imeandikwa kwa bei gani?

---

Mzee wa Daftari aliandika:

La kodi ni sahihi, niliiruka makusudi ili kijana asichanganyikiwe. Ukiiweka, kinachotoka ni 210,000 badala ya 300,000, na wachache wanakuwa 5,158,000. Kalamu, tumia hiyo kwa mkaguzi.

La kiwanja linanipa shida.

---

kalamu_njoro aliandika:

Kiwanja kimeandikwa kwa bei ya zamani. Mwenye kampuni alisema wakati wa kununua kwamba kina thamani ya milioni 3 zaidi, lakini hakuna mthamini aliyekuja.

---

Tarakimu aliandika:

Basi mali halisi ya siku ile si 22, ni 25. Wachache 5.0, gudwili 24 na 5 toa 25, milioni 4.0 kabla ya kodi. Gudwili inashuka kwa 2.4, si kwa 3, kwa sababu 0.6 ni ya familia. Na hiyo ndiyo picha ya kweli: mlilipia ardhi, hamkulipia hewa.

---

Mzee wa Daftari aliandika:

Nakubali hesabu, sikubali ushahidi. Neno la mwenye kampuni si thamani. Muda wa kurekebisha takwimu za ununuzi ni mwaka mmoja tangu siku ya kununua, na umeshapita. Mthamini akija leo anaweza kutoa thamani ya Januari 2024, lakini mkaguzi atauliza kwa nini hamkumwita wakati ule.

---

Tarakimu aliandika:

Hizi ni hesabu za kwanza kabisa tangu ununuzi. Hakuna takwimu ya zamani inayorekebishwa. Thamani ya siku ile inatakiwa iwe sahihi, kwisha.

---

Msomi_Section58 aliandika:

Kwani gudwili si inakatwa kwa miaka 10, itaisha tu?

---

Mzee wa Daftari aliandika:

Hiyo ni kwa wanaotumia IFRS ya biashara ndogo na za kati. Kalamu, nyinyi mnatumia gani?

---

kalamu_njoro aliandika:

IFRS kamili, benki ndiyo iliyosisitiza.

---

Mzee wa Daftari aliandika:

Basi haikatwi. Inapimwa kila mwaka kama bado ina thamani. Ndiyo maana hoja ya Tarakimu ina uzito hata nisipoikubali yote: milioni 6.4 ya gudwili kwenye biashara ya omena, ambayo uvuvi wake hufungwa kila mwaka kwa miezi kadhaa, utaulizwa uitetee. Ardhi haiulizwi hivyo. Mpeleke mkaguzi swali la kiwanja mapema, usisubiri Ijumaa.

---

kalamu_njoro aliandika:

Nimemtumia. Mizania mpya: mali halisi 78.19, mtaji 30, faida limbikizi 43.032, wachache 5.158. Imelingana, na safari hii nimeihakikisha wachache kwa njia zote mbili.

Lakini sasa nimeona kitu kwenye daftari la geti. Tarehe 3 Januari kuna lori la pili kutoka Kisumu, na ankara yake haina tarehe. Nashuka stoo.